Safari ya Kodi ya Ongezeko la Thamani hadi Duka la Kerende: Mfanyabiashara Asiyesajiliwa na Kodi Inayokwama Bei

Kijiji cha Kerende, wilayani Tarime, ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kwa sababu hiyo duka moja la vifaa vya ujenzi laweza kumuuzia mwanakijiji anayeezeka nyumba na, siku hiyohiyo, mkandarasi anayetoa huduma mgodini. Wanunuzi hawa wawili hulipa bei ileile, lakini Kodi ya Ongezeko la Thamani huwagusa kwa namna zinazopingana. Mfano ufuatao una tarakimu za kubuni. Kiwango pekee, yaani 18%, ndicho cha sheria.

Muuzaji wa jumla jijini Mwanza ananunua shehena ya mabati kiwandani kwa shilingi 800,000 na kulipa juu yake kodi ya 144,000. Hii kwake ni kodi ya manunuzi. Anaiuza shehena hiyo kwa 1,000,000 na kutoza 180,000, ambayo ni kodi yake ya mauzo. Kwa kuwa amesajiliwa, anatoa 144,000 katika 180,000, na kuwasilisha 36,000 zilizobaki kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiasi hicho ni 18% ya thamani ya 200,000 aliyoiongeza. Yeye mwenyewe hakugharamika chochote: kiwandani alitanguliza fedha, kwa mnunuzi wake akazipata.

Mnunuzi huyo ni mwenye duka la Kerende, ambaye mauzo yake ya mwaka hayafikii shilingi milioni 200, kiwango cha lazima cha usajili tangu Julai 2023. Kwa kuwa hajasajiliwa, hawezi kudai zile 180,000. Kwake si kodi tena bali ni sehemu ya gharama ya mali, sawa na nauli ya lori. Akitaka faida ya 200,000, atauza kwa 1,380,000. Risiti yake haitaonyesha kodi yoyote, na mnunuzi aweza kudhani kwamba hakutozwa.

Mwanakijiji kwa kweli amebeba 180,000 ndani ya bei. Hata hivyo, amenufaika kidogo. Mwenye duka angekuwa amesajiliwa, angeuza kwa 1,200,000 na kodi ya 216,000, jumla 1,416,000. Tofauti ya 36,000 ni kodi ya faida ya mwenye duka, ambayo Serikali haikuipata.

Kwa mkandarasi aliyesajiliwa hesabu inageuka. Akinunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, hulipa 1,416,000, kisha hudai 216,000 akiwa na risiti ya kodi. Mabati yanabaki na gharama ya 1,200,000. Akinunua Kerende kwa 1,380,000, hana cha kudai. Anapata hasara ya 180,000 kwa kununua kwa muuzaji ambaye bei yake inaonekana nafuu. Ndiyo maana mkandarasi aweza kumpita mfanyabiashara mdogo wa jirani bila chuki wala upendeleo wowote: mnyororo umekatika dukani, na kodi iliyokwishalipwa haina njia ya kuendelea. Zaidi ya hayo, mkandarasi akiiingiza 1,380,000 katika bei ya kazi yake na kutoza 18% juu yake, kodi inatozwa juu ya kodi, jambo ambalo mfumo huu uliwekwa ili kuliepusha.

 Faida ya usajili kwa mwenye duka inategemea wateja wake ni akina nani: wakiwa wengi ni wakandarasi, usajili unamvutia, wakiwa ni wanakijiji, unamwongezea bei, au unapunguza faida yake. Hapa kauli kwamba mlaji ndiye hubeba kodi inahitaji tahadhari. Sheria inaruhusu kuihamisha. Soko ndilo huamua. Mpaka wa Sirari uko jirani, na Kenya hutoza 16%. Mlaji akipata bidhaa nafuu kwingine, mwenye duka hulazimika kubaki na bei ya 1,380,000 na kuimega kodi humo. Katika hali hiyo hazidishi kwa 18%, kosa la kawaida katika hesabu za namna hii, bali kwa 18/118, na kodi inakuwa takriban 210,500.

Mwisho wa mnyororo si mlaji daima. Dhahabu inayouzwa nje hutozwa kwa kiwango cha sifuri, hivyo msafirishaji hana kodi ya mauzo, na kodi ya manunuzi hurudishwa kwake. Marekebisho ya mwaka 2017 yaliwanyima haki hiyo wasafirishaji wa madini ghafi. Kwao, kama kwa mwenye duka wa Kerende, kodi ya manunuzi iligeuka gharama. Tofauti ni kwamba bei ya madini hupangwa na soko la dunia, na msafirishaji hana mlaji wa kumsukumia.