Kabla ya Kumwajiri Mwalimu wa Hisabati, Mpe Kosa la Mwanafunzi

Katika shule nyingi binafsi za sekondari, usaili wa mwalimu wa hisabati hauna tofauti na usaili wa kazi nyingine yoyote. Mwombaji huketi mbele ya jopo, akaombwa ajieleze, akaulizwa ana uzoefu wa miaka mingapi na kwa nini anaitaka kazi hii. Mwenye ulimi mwepesi huondoka na barua ya ajira. Muhula unapoisha ndipo mtaaluma anabaini kwamba mwalimu huyo hukokotoa vizuri ubaoni, lakini wanafunzi hunakili tu wasichokielewa.

Usaili wa namna hiyo hauupimi ujuzi ambao shule inaulipia. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, alieleza kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wake wa pekee: zaidi ya kulijua somo, ajue wanafunzi hukwama wapi katika somo hilo, kwa nini hukwama, na ni maelezo gani huwatoa hapo. Ujuzi huo unaweza kupimwa siku ya usaili, mradi shule imejiandaa kabla mwombaji hajaingia.

Maandalizi yanaanza na maelezo ya kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo hayo kwa maandishi anapoanza kazi. Ni heri yaandikwe mapema, kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu ndiyo yatakayoamua maswali ya usaili. Maneno kama “mchapakazi” na “mwenye kujituma” hayamwambii mwombaji lolote, wala hayawezi kupewa alama.

Tuchukue mfano wa shule inayotafuta mwalimu wa kidato cha kwanza na cha pili, atakayefundisha mikondo minne yenye wanafunzi 45 kila mmoja. Kila mkondo ukiwa na vipindi sita kwa wiki, jumla ni vipindi 24. Kwa kipindi cha dakika 40, hizo ni saa 16 za kusimama darasani. Madaftari ni 180. Akisahihisha kila daftari mara moja kwa wiki, kwa dakika mbili tu, saa nyingine sita zimekwenda. Bado hajaandika andalio la somo wala kutunga jaribio. Maelezo ya kazi yataje hesabu hiyo waziwazi, kisha yaseme nani atayakagua maandalio, mwalimu atakuwa na zamu zipi, na matokeo yapi yatatazamwa mwisho wa muhula. Yaseme pia kwamba somo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa wanafunzi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anayeomba baada ya kusoma hayo anajua anachokiomba.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mpe mwombaji karatasi yenye kazi ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeandika hivi:

(x + 3)² = x² + 9

Muulize: “Unadhani mwanafunzi huyu alifikiri nini? Ungefanya naye nini kwa dakika tano?” Mpe muda wa kufikiri, na karatasi na kalamu.

Kosa hili lina chanzo. Mwanafunzi amekwisha kujifunza kwamba (3x)² ni 9x², yaani kipeo kinaigusa kila sehemu ya kuzidisha. Ameichukua kanuni hiyo ya kweli na kuipeleka kwenye kujumlisha, mahali isipofanya kazi. Kumsomea tena kanuni ya ubaoni hakuiondoi fikra hiyo, kwa hiyo jopo linamsikiliza mwombaji ajue kama ameiona. Mwongozo wa alama uandikwe kabla ya usaili, kwa mfano hivi:

Alama 1: Anasema mwanafunzi amekosea, kisha anaandika jibu sahihi, x² + 6x + 9, na kuishia hapo.

Alama 3: Anathibitisha kosa kwa namba. Akiweka 2 mahali pa x, upande wa kushoto ni 25 na wa kulia ni 13. Hata hivyo, haelezi kosa limetoka wapi.

Alama 5: Anaanza kwa kumtaka mwanafunzi aeleze alivyofikiri, anataja chanzo cha kosa, anajaribu kwa namba, kisha anachora mraba wenye upande wa x + 3 na kuugawa katika sehemu nne: x², 3x, 3x na 9. Anamaliza kwa kumpa swali jipya, labda (x − 5)², ili ahakikishe ameelewa.

Alama 2 na 4 ni za majibu yaliyo kati ya hayo. Jopo litazame pia namba anayoichagua mwombaji. Akiweka 0 mahali pa x, pande zote mbili zinatoa 9, na kosa litaonekana kuwa sahihi. Asipogundua hilo mwenyewe, huenda naye ana kasoro katika hisabati yake.

Swali moja halitoshi. Mfano wetu una vipimo vitano, kila kimoja kikiwa na alama 1 hadi 5 na uzito wake: kukokotoa na kueleza maswali (uzito 2), kusoma kosa la mwanafunzi (3), somo la majaribio la dakika 20 mbele ya wanafunzi halisi (3), namna ya kutunga na kusahihisha majaribio (1), na kushughulikia nidhamu (1). Jumla ya juu ni 50. Katika somo la majaribio, wasaili waketi nyuma na kuangalia madaftari ya wanafunzi zaidi ya ubao, kwani humo ndimo inamoonekana kama swali limefanywa au limenakiliwa.

Waombaji wawili watuonyeshe kazi ya uzito huo. Wa kwanza ana shahada na anazungumza vizuri. Amepata 5, 2, 3, 4 na 4. Wa pili ana stashahada na ni mpole. Amepata 4, 5, 4, 3 na 3. Ukijumlisha bila uzito, wanatofautiana kwa alama moja tu, 18 kwa 19, na jopo lingeweza kuvutwa na cheti. Ukizidisha kwa uzito, wa kwanza anapata 33 na wa pili 41. Shule iweke pia kikomo: aliyepata chini ya 3 katika kukokotoa asiajiriwe, hata jumla yake iwe kubwa.

Kila msaili aandike alama zake peke yake, pamoja na maneno aliyoyasikia, kabla ya mazungumzo. Mkuu wa shule akishasema “huyu amenifurahisha,” wengine humfuata. Alama zikipishana kwa mbili au zaidi, wasirudi kwenye wastani. Warudi kwenye maneno yaliyoandikwa, wayalinganishe na mwongozo. Jopo lisilo na mtu wa hisabati liazime mwalimu kutoka shule ya jirani. Na waombaji wote waulizwe maswali yale yale. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama ujauzito, dini, kabila na hali ya ndoa, kwa hiyo maswali ya aina hiyo hayana nafasi humo.

Usaili huu hauwezi kuonyesha kama mtu atasahihisha madaftari 180 wiki ya kumi kama alivyofanya wiki ya kwanza. Hilo litaonekana katika kipindi cha majaribio, kwa kukagua madaftari na kuingia darasani. Hifadhini karatasi za alama, mzilinganishe na mnayoyaona baada ya muhula. Kipimo kilichotoa alama ya juu kwa mwalimu ambaye wanafunzi wake hawasongi mbele ndicho kinachopaswa kurekebishwa kabla ya tangazo lijalo.