Nani Aonwe Kwanza Usiku

Madaktari wengi wanaokwenda kwenye usaili wa kupanga kazi huamini kwamba jopo lina orodha ya siri, nao wanatakiwa kuibahatisha. Kwenye semina wameuziwa vile visanduku vinne vya haraka na muhimu, wakaambiwa ni vya Rais Eisenhower, ingawa aliyevieneza ni Stephen Covey katika kitabu chake cha mwaka 1989. Wodini havisaidii, maana karibu kila kinacholetwa ni cha haraka na ni muhimu. Jopo husikiliza sababu zako, na utakachofanya kuhusu wale unaowaacha wangoje.

Chukua swali hili. Uko peke yako zamu ya usiku. Maabara wamepiga simu: mgonjwa wa figo ana potasiamu 6.9. Mzee aliyepasuliwa ngiri hajakojoa tangu mchana na tumbo linamuuma. Kuna dozi ya antibiotiki haijaandikwa. Kwenye kaunta, ndugu wa mgonjwa anafoka.

Wengi huanza na anayefoka au mzee anayelia, kwa sababu mwenye potasiamu amekaa anakunywa chai. Lakini kiwango hicho kinaweza kusimamisha moyo bila dalili yoyote ya kutangulia. Jibu zuri husikika hivi: "Naanza na potasiamu. Nikiwa njiani, sista ampime umeme wa moyo na aandae kalsiamu glukoneti. Mawimbi ya T yakiwa marefu yenye ncha, natoa kalsiamu papo hapo, kisha insulini pamoja na glukosi."

Hapa wengi huchanganya. Kalsiamu haishushi potasiamu hata kidogo. Hulinda moyo kwa nusu saa hadi saa moja, wakati insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Tena chembe za damu zikipasuka wakati wa kuchukua sampuli, kipimo hupanda kwa uongo. Kwa hiyo tuma sampuli mpya, ila mchoro wa moyo ukiwa mbaya usingoje majibu.

Kwa mzee, taja gharama waziwazi: "Namwomba muuguzi amwekee mpira wa mkojo. Huenda akaumia dakika ishirini zaidi, nami nakubali hilo kwa sababu moyo wa yule hauna dakika hizo." Kuhusu antibiotiki, uliza ni ya nini; ikiwa mgonjwa ana maambukizi kwenye damu, inapanda hadi nafasi ya pili. Ndugu aambiwe na muuguzi kwamba daktari anashughulikia dharura na atakuja.

Kisha msaili anakukatiza: presha ya mzee imeshuka. Anayeng'ang'ania mpango wake hupoteza alama. Sema: "Kalsiamu ikishaingia, sista anabaki na mgonjwa wa figo, mimi nakwenda kwa mzee kuangalia kama anavuja damu. Nampigia daktari mwandamizi sasa hivi, kwa sababu wamekuwa wawili nami niko mmoja."