Ujumbe kwenye simu iliyozimwa hausubiri milele

UJUMBE mfupi unaotumwa kwenye simu iliyozimwa haupotei papo hapo, lakini pia hausubiri milele. Muda wake ukiisha kabla simu haijawashwa, hufutwa, na mara nyingi si aliyetuma wala aliyetumiwa anayejua.

Chanzo cha utata ni neno "umetumwa" ambalo mtumaji huliona kwenye simu yake. Neno hilo lina maana moja tu, kwamba ujumbe umepokewa na kituo cha ujumbe mfupi cha kampuni ya simu. Kituo hicho ni seva inayohifadhi ujumbe kwanza, kisha kujaribu kuupeleka.

Kabla ya kuupeleka, kituo huuliza kwenye rejista ya wateja laini inayotafutwa iko wapi. Mtu anapozima simu yake kwa kawaida, simu huuaga mtandao, hivyo jibu hurudi haraka kuwa mteja hapatikani. Ikiwa betri imechomolewa ghafla, mtandao hudhani simu bado ipo. Huiita kupitia minara ya eneo ilipoonekana mara ya mwisho, na hugundua kuwa haipo pale tu inapokosa jibu.

Katika hali zote mbili, rejista huweka alama kwamba kuna ujumbe unaomsubiri mteja huyo. Simu ikiwashwa na kujiandikisha mtandaoni, rejista hukiarifu kituo, nacho huuleta ujumbe. Ndiyo maana baadhi ya watu husikia milio mfululizo mara tu wanapowasha simu. Kituo pia hujaribu chenyewe mara kwa mara, kwanza kila baada ya dakika chache, baadaye kwa vipindi virefu zaidi.

Yote hayo hufanyika ndani ya muda wa uhai wa ujumbe. Viwango vya kimataifa vya simu za mkononi vinaruhusu muda wa kuanzia dakika 5 hadi wiki 63. Simu nyingi za zamani za Nokia zilimwezesha mtumaji kuchagua mwenyewe, mathalani saa 24, saa 72 au wiki moja. Hata hivyo, kauli ya mwisho ni ya kampuni ya simu, ambayo inaweza kuufupisha muda huo hadi siku chache tu.

Chukulia dada aliyeko Tanga anamwandikia kaka yake aliyekwenda kuvua baharini: "Kaka, shikamoo. Baba amelazwa tangu mchana. Ukipata ujumbe huu, piga simu." Anautuma Ijumaa saa 2 usiku, wakati simu ya kaka imekwisha chaji, na kituo kimepangiwa saa 72. Uhai wa ujumbe huo unakoma Jumatatu saa 2 usiku.

Kaka akiwasha simu Jumatatu saa 1 jioni, ataupata baada ya muda mfupi. Akiiwasha saa 3 usiku, hatapata kitu. Dada atabaki akiamini kuwa kaka alisoma akanyamaza, na ndugu watamlaumu mtu ambaye hakuwahi kuambiwa.

Kinga ya dada huyo ni taarifa ya kupokewa, ambayo simu nyingi huweza kuiomba kupitia mipangilio ya ujumbe. Taarifa hiyo ikifika, ujumbe umeingia kwenye simu ya kaka, ingawa haithibitishi kuwa ameusoma. Isipofika kwa siku mbili tatu, ni busara kutuma tena au kumtafuta mtu aliye karibu naye.

Ujumbe hufuata laini, haufuati simu. Hivyo aliyeibiwa simu akapewa laini mpya yenye namba ileile anaweza kupokea ujumbe uliokuwa ukimsubiri, ilimradi muda wake haujaisha.

WhatsApp ina utaratibu wake. Alama moja ya vema maana yake ujumbe umetoka kwa mtumaji, na mbili maana yake umefika kwenye simu ya mpokeaji. Usiofikishwa huhifadhiwa kwenye seva kwa siku 30, kisha hufutwa.

Si kila ujumbe unaochelewa huwa umesubiri simu iwashwe. Novemba 7, 2019, watu nchini Marekani walipokea ujumbe uliotumwa Februari 14 mwaka huo, Siku ya Wapendanao, na baadhi yao waliupata kutoka kwa watu waliokwisha kufariki. Kampuni ya Syniverse, inayosafirisha ujumbe kati ya mitandao, ilieleza kuwa seva yake iliharibika siku hiyo ya Februari. Ilipowashwa tena, ujumbe 168,149 ambao haukuwa umefikishwa ulitoka kwa mkupuo. Simu za wapokeaji hazikuwa zimezimwa kwa miezi hiyo tisa. Kilichozimika kilikuwa seva.