Kura ya Siri Mbele ya Mkaguzi

Mkaguzi wa ndani tuliyemzoea huja, huomba mafaili, hujifungia chumbani na hatimaye huacha ripoti. Mwaka 1987 wakaguzi wa kampuni ya mafuta ya Gulf Canada walijaribu njia nyingine. Waliwakusanya wafanyakazi wenyewe na kuwauliza kazi yao inaweza kuharibikia wapi, na kama taratibu zilizowekwa kuzuia hilo zinafanya kazi kweli. Mtindo huo ukaenea, na leo unaitwa warsha ya kujitathmini udhibiti wa ndani.

Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu mjini na matawi kadhaa vijijini. Wanaoalikwa ni watu kumi wanaoushika mkopo kwa mikono yao: maafisa mikopo, wahasibu na wajumbe wa kamati ya mikopo. Meneja mkuu anafungua kikao, kisha anatoka. Wengine hupenda abaki ili ajionee, lakini akiwepo bosi, kila kitu huwa kizuri.

Mkaguzi anaongoza mjadala, na mwenzake anaandika kila hoja kwenye kompyuta inayoonekana ukutani, ili mtu aliyenukuliwa vibaya aseme pale pale. Wote wawili hawapigi kura. Kikao kinaanza na lengo: mkopo umfikie mwanachama anayestahili, na urudi kwa wakati. Kinafuata kihatarishi: wadhamini walioandikwa kwenye fomu huenda hawajui lolote. Halafu udhibiti: afisa mikopo humpigia simu kila mdhamini kabla fomu haijapelekwa kwenye kamati. Hapo kila mtu anaandika kwa siri, kwenye kikaratasi, alama kuanzia 1 hadi 5 kuonyesha udhibiti huo unafanya kazi kiasi gani.

Wastani unakuja 3. Mwezeshaji mvivu angeandika “wastani” na kusonga mbele. Lakini ukivitandaza vikaratasi, watano wametoa 4 au 5, na watano wametoa 1 au 2. Hakuna hata mmoja aliyetoa 3. Mkaguzi haulizi nani kaandika nini, anauliza tu, “Mtu aliyetoa 1 anaweza kuwa ameona nini?” Kimya kidogo, kisha afisa wa tawi anasema kwamba Januari, wazazi wanapotafuta ada, foleni inafika nje ya mlango. Simu hazipigwi. Kisanduku cha “mdhamini amethibitisha” kinawekwa alama ya vema, na fomu inaondoka. Mhasibu wa makao makuu, ambaye kila siku huona visanduku vyenye vema, anashangaa kwa dhati. Hakuwa anadanganya, aliona karatasi, hakuona foleni.

Kikao kikiisha, mkaguzi ana kazi ya kupanga upya siku zake, na hapa wengi hukosea. Hukimbilia kukagua pale watu walipojipa alama za chini. Katika warsha hiyo wote walitoa 1 kwa ufuatiliaji wa mikopo iliyochelewa: hakuna orodha ya kila wiki, hakuna anayewajibika. Kwenda kulikagua hilo ni kutumia wiki mbili kuthibitisha jambo ambalo kila mtu ameshalikiri. Linahitaji mhusika wa kulirekebisha na tarehe ya kumaliza. Mkaguzi atarudi tarehe hiyo kuangalia kama limefanyika.

Siku za ukaguzi ziende kwingine. Kwanza ni kwenye kura zilizogawanyika: ukaguzi wa mikopo uliopangwa kufanyika makao makuu unahamishiwa matawini, na sampuli inachukuliwa kwenye mikopo ya Januari. Mkaguzi mwenyewe anawapigia wadhamini. Pili ni pale ambapo hasara ingekuwa kubwa na wote wametoa 5. Saini mbili kabla ya malipo zilipata 5 kwa kila mtu, na chama kizima kinazitegemea. Kama mmoja wa watia saini huacha hundi zilizosainiwa mapema, alama hizo hazina maana. Kilicho na hasara ndogo na alama nzuri kinaweza kusubiri mwaka mwingine.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani vinataka mpango wa ukaguzi utokane na tathmini ya vihatarishi inayofanywa angalau mara moja kwa mwaka, na warsha huilisha tathmini hiyo vizuri. Lakini kura ni maoni, si ushahidi. Mwizi akiwa chumbani atapiga kura kama wenzake, na atatoa 5. Kwa hiyo, katika jedwali linalokwenda kwenye kamati ya ukaguzi, alama za warsha huwa na safu yake, na matokeo ya majaribio ya mkaguzi safu nyingine, hata kama kwa miezi ya mwanzo safu hiyo ya pili itakuwa na nafasi tupu nyingi. Na aliyeongoza warsha ya mikopo si vyema awe ndiye anayekwenda kuijaribu mikopo hiyo. Ameshasikia mengi mno kutoka upande mmoja.