Slaidi Arobaini, Kadi Sita

Chukua mhadhara wa kugawa soko, kuchagua soko lengwa na kuiweka bidhaa akilini mwa mteja. Slaidi ni arobaini, na wengi huzinakili kwenye kadi neno kwa neno. Hapo ndipo mambo huharibika: kadi yenye mistari minane huisomi, unaitambua tu, na chumba cha mtihani hakikupi cha kutambua.

Kadi moja, swali moja. Badala ya "Soko lengwa ni nini?", andika mbele: "M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, ililenga nani, na iliahidi nini?" Nyuma: "Mfanyakazi wa mjini mwenye ndugu kijijini; kutuma pesa nyumbani." Kadi ya pili iulize kwa nini ahadi hiyo ilishika. Katika majaribio huduma ilikusudiwa marejesho ya mikopo midogo, lakini watu wakaitumia kutumiana pesa. Mhadhara mzima waweza kuishia kadi sita hivi. Fasili tupu acha mbili tu.

Muhtasari wa ukurasa mmoja uje baadaye, slaidi zikiwa zimefungwa. Chora visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mishale: kugawa, kulenga, kuweka. Jaza kwa kumbukumbu, kisha fungua slaidi uongeze yaliyosahaulika kwa wino mwekundu. Mara nyingi mshale ndio hubaki mtupu: unakumbuka makundi ya wateja, lakini huwezi kueleza kwa nini hili lilichaguliwa na lile likaachwa. Kila palipo na wekundu, tengeneza kadi mpya.