Maneno ya Chini ya Karatasi: Kutoa Ankara kwenye Picha ya Nukuu ya Bei

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi nchini Tanzania, mauzo mengi makubwa huanza na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Muuzaji huandika nukuu ya bei, ambayo wengi huiita profoma, na mteja huipiga picha na kumtumia bosi wake kwa WhatsApp. Baada ya siku kadhaa picha ileile hurudi dukani ikifuatana na ujumbe mfupi: "Tumekubali, tutumieni ankara." Hapo karani wa hesabu, ambaye huenda hakuwapo siku ya maelewano, huanza kuandaa rasimu ya ankara akiitazama picha hiyo.

Bei zenyewe si ngumu kunakili, kwa sababu jedwali hujilinda. Chukulia nukuu ya tarehe 3 Aprili 2025 yenye mistari mitatu: marumaru mita za mraba 62 kwa shilingi 25,000, nondo za milimita 12 tani 2 kwa shilingi 2,400,000, na saruji mifuko 100 kwa shilingi 17,000. Kivuli cha simu kikiifanya 62 ionekane kama 67, kuzidisha kutamuumbua msomaji papo hapo: 67 mara 25,000 ni 1,675,000, ilhali karatasi inasema 1,550,000. Mistari yote mitatu ikijumlishwa inatoa 8,050,000, na karani akiipata jumla hiyo anajua amesoma sawasawa. Kama hesabu haikubali hata baada ya kurudia, huenda kosa ni la aliyeandika nukuu. Hilo huulizwa kwa muuzaji na mteja, halirekebishwi kimyakimya.

Chini ya jedwali kuna mistari mingine isiyo na ulinzi huo: "Bei bila VAT. Halali siku 14. Malipo 60% kabla ya mzigo, salio siku 30 baada ya kupokea." Hakuna hesabu itakayomshtua karani akisoma 14 kama 19. Mistari hiyo pia ndiyo hukatwa picha inapopigwa haraka, au hufunikwa na kidole gumba kilichoshika karatasi. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, karani huhakikisha anaziona pembe zote nne za karatasi. Akikosa hata moja, humwomba mteja aipige upya na kuituma kama dokumenti, kwa kuwa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida WhatsApp huipunguzia ubora, na maandishi madogo huwa ya kwanza kufifia.

Jambo la kwanza kuvushwa ni ukomo wa bei. "Siku 14" ni maneno yanayotegemea tarehe ya nukuu, si ya ankara, na yakinakiliwa kama yalivyo huanza kuhesabiwa upya. Mahali pake inafaa iandikwe tarehe kamili: halali hadi 17 Aprili 2025. Hata tarehe ya mwanzo huhitaji uangalifu. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 3/4/2025 kuwa Machi 4, na bei huonekana imekwisha muda Machi 18, wiki mbili kabla nukuu haijaandikwa. Kuandika jina la mwezi kwa herufi huondoa utata huo.

Katika mfano huu mteja alikubali Jumatano, Aprili 16. Ikafuata Ijumaa Kuu, ikafuata Pasaka, na rasimu ikaandaliwa Jumanne, Aprili 22. Je, bei bado ni ileile? Ndiyo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, pendekezo lenye muda hukoma muda huo ukipita kabla halijakubaliwa. Hapa lilikubaliwa likiwa hai, na kuchelewa kwa ankara hakuligusi. Ndiyo maana rasimu hubeba tarehe tatu: ya nukuu, ya ukomo wake, na ya mteja kukubali. Ujumbe wa WhatsApp wa Aprili 16 nao huhifadhiwa pamoja na picha. Mteja angekubali Aprili 19, karani asingeandaa ankara hadi muuzaji aithibitishe bei au atoe nukuu mpya.

Masharti ya malipo yana mtego mwingine. Programu nyingi za ankara huja na nafasi moja tu ya tarehe ya mwisho ya kulipa, na nyingi hujaza zenyewe siku 30 tangu ankara ilipotolewa. Kwa rasimu ya Aprili 22 itatokea Mei 22 kwa deni lote, na hapo makubaliano yamevunjwa pande mbili. Duka limejinyima asilimia 60 lililostahili kuipata kabla ya kupakia mzigo, na mteja amenyang'anywa siku zake za salio, kwani zake zinaanzia siku ya kupokea. Mzigo ukimfikia Aprili 28, salio lake linaangukia Mei 28. Suluhisho ni kuacha nafasi ile wazi na kuandika malipo kwa mistari miwili, kila mmoja na kiasi chake na tukio linaloufungua. Tarehe ya salio hujazwa hati ya kupokelea mzigo inaposainiwa.

Kisha kuna vipimo, maana nukuu huandikwa kwa kipimo kimoja na stoo hutoa kwa kingine. Nondo zimenukuliwa kwa tani, lakini mpakiaji huhesabu vipande. Mita moja ya nondo ya milimita 12 ina takriban kilo 0.888, hivyo kipande cha mita 12 kina kilo 10.66, na tani 2 ni vipande 188. Kishawishi ni kugawa bei ya tani kwa 94 ili kupata bei ya kipande: inatoka 25,531 na ushei. Ukiishusha hadi 25,500, duka linapoteza shilingi 6,000. Ukiipandisha hadi 26,000, mteja anazidishiwa 88,000. Basi bei ibaki kwa tani, kama ilivyokubaliwa, na vipande 188 viandikwe kwenye maelezo kwa ajili ya stoo.

Marumaru ni tofauti, kwa sababu boksi halivunjwi. Boksi la vipande vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44. Mita 62 zinahitaji maboksi 43 na kipande kidogo, yaani maboksi 44, ambayo ni mita 63.36. Kwa bei ileile ya mita, boksi ni shilingi 36,000 na mstari unakuwa 1,584,000, zaidi ya nukuu kwa 34,000. Nyongeza hiyo mteja hajaikubali bado. Karani huandika vipimo vyote viwili kwenye mstari na kuweka alama ya kuuliza kabla ya kuendelea.

Mteja akiridhia maboksi 44, hesabu inakuwa 8,084,000, VAT ya asilimia 18 ni 1,455,120, na jumla ni 9,539,120. Kama nukuu haisemi asilimia 60 ni ya kiasi gani, hilo nalo huulizwa. Ikiwa ni ya jumla pamoja na VAT, malipo ya kwanza ni 5,723,472 na salio ni 3,815,648.

Mpaka hapo karatasi bado imeandikwa RASIMU juu, bila namba ya mfululizo wa ankara, na haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Hutumwa kwa mteja pamoja na picha ya nukuu, ili alinganishe mstari kwa mstari na kujibu kuhusu marumaru. Namba ya ankara hutolewa baada ya jibu lake.