Komisheni ya dalali pale nyumba inapouzwa bila yeye kuwepo

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na vilevile huko Gatumba kwenye barabara ya kwenda Uvira, nyumba na viwanja vingi hupata wanunuzi kupitia madalali, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita makomisioneri. Kazi yao ni halali na ina manufaa, hasa kwa mnunuzi anayetoka upande wa pili wa mpaka na asiyejua mtaa. Hata hivyo kuna ugomvi mmoja unaofikishwa mara kwa mara mbele ya viongozi wa mitaa, na pengine mbele ya askari wetu, nao ni huu: nyumba imeuzwa, fedha zimelipwa, komisioneri hakuwepo siku ya mapatano, kisha anakuja kudai ujira wake. Mwenye nyumba anasema, «Hukuuza wewe.» Komisioneri anajibu, «Mteja ni wangu.» Kila mmoja anaamini kwa dhati kuwa ananyang'anywa haki yake.

Kwa kuwa habari za wanaokuja kwetu si za kutangazwa, tutatumia mfano tuliouunda wenyewe. Mzee mmoja wa Buyenzi anataka kuuza nyumba yake kwa faranga milioni 60. Mwezi wa tatu anamwambia komisioneri wa mtaa, «Nitafutie mteja, nitakupa asilimia 3.» Hawaandiki lolote. Komisioneri analeta wateja wanne, mmoja wao akiwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira. Mfanyabiashara huyo anaizunguka nyumba, anapanda hadi milioni 45, mzee anakataa, naye anavuka Kavimvira kurudi kwake. Mwezi wa saba shemeji yake anayeishi Buyenzi anakutana na mzee kwenye harusi. Wanazungumza, mfanyabiashara anaitwa kwa simu, bei inakubaliwa kuwa milioni 54, na hati zinafanywa. Wiki mbili baadaye komisioneri yuko mlangoni akidai 1,800,000.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni nani aliyefanya kazi kubwa zaidi. Swali hilo haliwafikishi popote, kwa sababu kila mtu huipima kazi yake kwa kipimo chake mwenyewe. Swali la kufaa ni jingine: ujira uliahidiwa kwa tendo gani? Maneno «nitafutie mteja» yanaweza kubeba maana tatu. Maana ya kwanza ni kuleta mtu aione nyumba. Ya pili ni kuleta mtu ambaye hatimaye atanunua, hata kama mapatano ya mwisho yatafanywa na wengine. Ya tatu ni kusimamia mauzo hadi fedha zikabidhiwe. Mzee alikuwa na maana ya tatu moyoni, komisioneri alikuwa na ya pili, na mwezi wa tatu hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Katika jambo hili watu wa pande mbili za mto Rusizi wana msingi mmoja wa sheria. Kitabu cha tatu cha Kanuni ya Madai, kinachohusu mikataba, kilitoka kwenye dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 iliyotungwa kwa ajili ya Kongo, na baadaye ikatumika Ruanda-Urundi pia. Kanuni yake kuu ni kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Nyingine ni kwamba anayedai kutekelezewa ahadi ndiye anayepaswa kuithibitisha. Kwa hiyo mzigo wa kwanza uko kwa komisioneri. Aonyeshe kuwa ujira uliahidiwa, kwamba ulikuwa wa kiasi gani, na kwamba tendo lililokuwa sharti la kulipwa limetimia.

Lakini iko kanuni ya tatu ambayo wauzaji wengi hawaijui, nayo huwageukia wakiwa hawana habari. Mdaiwa akizuia yeye mwenyewe sharti lisitimie, sharti hilo huhesabiwa kuwa limetimia. Tuseme mzee hakukutana na shemeji harusini. Tuseme alimpigia mfanyabiashara simu kwa siri mwezi wa nne na kumwambia, «Tumwache huyu komisioneri, nikupunguzie.» Hapo hawezi kusema kuwa komisioneri hakumaliza kazi, kwa sababu aliyemzuia kumaliza ni yeye. Kumzunguka dalali ili kuokoa asilimia 3 ni jambo la kawaida mjini, wala hatusemi kuwa halifahamiki. Tunalosema ni kwamba mbele ya hakimu ujanja huo unaweza kumrudia aliyeufanya.

Turudi kwenye mfano wetu kama ulivyokuwa. Hakuna aliyejificha, lakini mnunuzi ni yule yule aliyeletwa na komisioneri. Kwa maoni yetu dai lake lina uzito, mradi aweze kuonyesha mambo mawili: kwamba yeye ndiye aliyemtambulisha mnunuzi huyo kwa mzee, na kwamba ahadi ilikuwa bado hai mwezi wa saba. Jambo la kwanza si gumu sana. Ujumbe wa simu wa siku ile, «Nakuja na mteja wa Uvira saa nne», una thamani kubwa kuliko kelele za mlangoni. Jirani aliyewaona wakiingia ana thamani pia. Jambo la pili ndilo gumu, maana hawakuweka muda. Mzee anaweza kusema kwamba mazungumzo ya mwezi wa tatu yalikwisha mfanyabiashara alipokataliwa, na kwamba mazungumzo ya mwezi wa saba yalizaliwa harusini. Hilo si neno la kupuuzwa. Kadiri miezi inavyopita bila komisioneri kufuatilia, ndivyo hoja ya mzee inavyopata nguvu; na kama komisioneri alikuwa akimpigia mteja kila wiki na kumpelekea mzee majibu, hoja hiyo hudhoofika.

Mambo yangekuwa tofauti kabisa kama mnunuzi angekuwa mtu ambaye komisioneri hakupata kumwona. Wako wanaosema, «Nyumba ilikuwa mkononi mwangu, basi yeyote atakayenunua, mimi nina changu.» Dai hilo husimama pale tu mwenye nyumba alipomkabidhi yeye peke yake kazi ya kuuza na kuahidi kutouza kwa njia nyingine. Bila ahadi hiyo, mwenye nyumba ana uhuru wa kuuza mwenyewe au kupitia komisioneri mwingine. Kubandika namba ya simu kwenye ukuta wa nyumba hakumpi mtu haki hiyo.

Kuhusu kiasi, komisioneri wetu amekosea hesabu, ingawa si kwa nia mbaya. Amechukua asilimia 3 ya bei iliyotangazwa, milioni 60, akapata 1,800,000. Nyumba iliuzwa kwa milioni 54, na asilimia 3 ya hizo ni 1,620,000. Kama haikusemwa vingine, ni vigumu kuona kwa nini mzee alipie fedha asizopokea. Tofauti ya 180,000 imetosha kuvunja urafiki wa watu wengi. Kwa wanaouziana kuvuka mpaka kuna mtego zaidi, kwa sababu bei hutajwa kwa dola na ujira ukadaiwa kwa faranga, kila mmoja akishika kiwango cha kubadilisha kinachompendeza. Itajwe sarafu, na kama ni lazima kubadilisha, itajwe siku ambayo kiwango chake kitafuatwa.

Sasa tufike pale ambapo ugomvi huu huwa kazi ya polisi. Komisioneri wa mfano wetu, alipokataliwa, alirudi jioni na vijana wawili, akafunga lango kwa kufuli lake na kumwambia mnunuzi kuwa hataingia hadi deni lilipwe. Tangu dakika hiyo kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Deni, kama lipo, ni la mzee, si la mnunuzi, nalo ni shauri la madai. Kufuli, vitisho na kuingia kwenye uwanja wa mtu kwa nguvu ni mambo ambayo Kanuni ya Adhabu inaweza kuyahesabu kuwa makosa, hata kama aliyeyafanya anadai haki yake. Mtu anaweza kuwa na haki ya 1,620,000 na bado akajikuta yeye ndiye mshitakiwa.

Upande wa pili nao usikike. Wapo makomisioneri wanaokuja kituoni wakitaka tumkamate mwenye nyumba hadi alipe. Hatuwezi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Burundi imejiunga nao tangu 1990, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Askari anayeahidi kukukusanyia komisheni ili umpe sehemu yake amevunja sheria kuliko mdaiwa wako, nasi tunaomba aripotiwe kwa wakuu wake. Tunaweza kupokea malalamiko pale ambapo kuna udanganyifu wa kweli, kwa mfano mtu aliyechukua fedha za wateja kwa ajili ya nyumba asiyokuwa na ruhusa ya kuionyesha, au aliyetoa hati ya kughushi. Na mdaiwa akiwa amevuka kwenda Uvira, askari wetu hawamfuati huko.

Shauri la madai lina njia yake. Wengi huanza kwa kiongozi wa mtaa au kwa wazee wanaoheshimiwa, ambako mara nyingi mzee na komisioneri hukubaliana kiasi cha katikati na kuandika karatasi. Wasipokubaliana, dai hupelekwa kwenye mahakama ya rezidansi, au kwenye mahakama iliyo juu yake ikiwa kiasi kinachodaiwa kinavuka uwezo wake. Anayekwenda huko aende na ujumbe wa simu ukiwa bado umo ndani ya simu, majina ya walioshuhudia, na nakala ya karatasi ya mauzo kama anayo.

Karatasi ambayo ingeuzuia ugomvi huu haizidi mistari michache. Mfano wake ni huu: «Mimi mwenye nyumba namruhusu komisioneri huyu kutafuta mnunuzi kuanzia leo kwa miezi mitatu. Si yeye peke yake. Nitamlipa asilimia 3 ya bei itakayolipwa kweli, kwa faranga za Burundi, siku nitakayopokea fedha, ikiwa mnunuzi ni mtu aliyeandikwa hapa chini. Mtu huyo akinunua ndani ya miezi mitatu baada ya ruhusa hii kwisha, nitalipa vilevile.» Chini yake huachwa nafasi ya kuandika jina la kila mteja na tarehe aliyoletwa, na mwenye nyumba hutia sahihi mbele ya kila jina. Nakala ziwe mbili. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa mbele ya shahidi wake, si shahidi wa komisioneri.

Kama mzee wetu angetia sahihi karatasi kama hiyo mwezi wa tatu, ruhusa ingekwisha mwezi wa sita, na mauzo ya mwezi wa saba yangeangukia ndani ya miezi mitatu ya nyongeza. Jina la mfanyabiashara wa Uvira lingekuwa la pili au la tatu kwenye orodha, na komisioneri angelipwa 1,620,000 bila kununua kufuli.